Bafu Linanuka, Sakafu Inagugumia: Kutafuta Chanzo Katika Mabomba ya Maji Machafu, Nyumba za Malindi

Wenye nyumba wa Malindi, kuanzia Maweni hadi Muyeye, hulalamika kuhusu mambo yale yale manne: bafu linanuka, kitundu cha sakafuni kinagugumia, maji yanashuka polepole, au maji machafu yanarudi juu. Fundi huitwa, hupitisha waya, hupokea pesa yake, na baada ya wiki mbili tatizo liko pale pale. Hurudi kwa sababu mara nyingi bomba halikuwa limeziba. Kilichopungua ni maji ndani ya trapu, au hewa ndani ya bomba, au mteremko. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kujua ni kipi kati ya hivyo kabla hujamlipa mtu avunje sakafu.

Njia ya maji, kwa ufupi

Kila kinachomwaga maji ndani ya nyumba kina trapu yake: ile kona iliyopinda chini ya sinki, kitundu cha sakafuni bafuni, na ule mpindo uliomo ndani ya choo chenyewe. Trapu hubaki na maji siku zote, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya septiki isiingie ndani. Kina chake hakitakiwi kupungua sana chini ya sentimita 5.

Kutoka kwenye trapu, maji hupita katika bomba jembamba la inchi 1½ au 2, ama la inchi 4 ikiwa ni choo, hadi kwenye bomba kuu linaloshuka ukutani. Bomba kuu huingia manholi ya kwanza nje ya nyumba, na kutoka hapo maji huenda septiki, kisha shimo la kunyonya. Huko juu, bomba kuu hilo hilo halikomei kwenye choo cha ghorofani. Linatakiwa liendelee hadi lipite paa na lifunguke hewani. Kipande hicho cha juu ndicho venti.

Venti inafanya kazi ile ile ya tundu la pili kwenye debe la mafuta. Ukitoboa debe tundu moja tu, mafuta hutoka kwa kukata kata, na kila yanapokatika debe huvuta hewa. Bomba nalo hufanya hivyo. Maji ya choo yanaposhuka huvuta hewa nyuma yake, na kama hewa haipatikani kutoka paani, itavutwa kupitia trapu iliyo karibu, na maji ya trapu hiyo yataondoka nayo.

Dalili ya kwanza: harufu ipo, lakini maji yanashuka vizuri na hakuna mlio

Anza kwa kujua harufu inatokea wapi, maana pua hudanganya katika chumba kidogo. Chukua matambara yaliyoloa, ziba kila kitundu cha sakafuni, kila sinki na tundu lake la kupunguzia maji, na ufunike choo. Fungua madirisha mpaka harufu iishe, kisha yafunge. Subiri saa moja. Halafu ondoa tambara moja baada ya jingine, ukiacha muda kidogo kati yake. Harufu ikirudi ulipoondoa tambara la tatu, umeshapata mahali. Ikiwa harufu haikuisha kabisa hata kila kitu kikiwa kimezibwa, basi haitoki kwenye trapu, na nitafika huko.

Sababu inayoongoza Malindi ni trapu iliyokauka. Nyumba nyingi hapa hufungwa msimu wa wageni unapokwisha, na chumba cha wageni katika nyumba ya familia hukaa wiki nyingi bila mtu kuoga. Joto na upepo hukausha kitundu cha sakafuni kwanza, kwa kuwa kiko wazi na maji yake ni machache. Chukua kijiti kikavu au mrija wa soda, ukitumbukize mpaka kiguse chini ya trapu, kitoe, pima sehemu iliyoloa. Kikitoka kikavu, mwaga nusu ndoo ya maji na usubiri hadi kesho yake. Harufu ikiisha, kazi imekwisha. Kwa nyumba itakayofungwa, jaza trapu zote siku ya kuondoka, kisha mimina kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya kupikia juu ya maji ya kila trapu ya sakafuni. Mafuta hukaa juu na kuyazuia maji yasikauke upesi. Usisahau bomba la kumwagia maji ya mashine ya kufulia. Nalo lina trapu.

Kama ulijaza maji na kesho yake kijiti kinaonyesha yamepungua ingawa hakuna aliyetumia bafu, angalia ndani kwa tochi. Nywele au nyuzi za mopu zilizoning'inia kwenye ukingo wa trapu hunyonya maji polepole na kuyadondoshea upande wa pili. Zitoe kwa mkono uliovaa glavu. Trapu iliyopasuka hufanya vivyo hivyo, ila hapo utaona unyevu chini yake au kwenye dari ya chumba cha chini.

Sababu ya tatu mafundi wengi huipita. Harufu inatoka chumbani kwenye kiyoyozi, wala si bafuni. Bomba jembamba linalotoa maji ya kiyoyozi limechomekwa moja kwa moja kwenye bomba la maji machafu, kwa sababu lilikuwa karibu na ukuta ulikuwa tayari umepasuliwa. Halina trapu, au lina trapu inayokauka kila miezi ambayo kiyoyozi hakiwashwi. Kinachotakiwa ni maji ya kiyoyozi yamwagike nje, penye bustani, au juu ya kitundu chenye trapu yake bila kugusana nacho.

Harufu inayokuja kwa majira ni habari nyingine. Inanuka Juni hadi Septemba, kaskazi ikiingia inakoma, ama kinyume chake. Hiyo ni venti iliyoishia karibu na dirisha, na kusi au kaskazi ndiyo inayoamua hewa iende upande gani. Mdomo wa venti uwe angalau sentimita 90 juu ya dirisha lolote linalofunguka lililo ndani ya mita 3. Kuirefusha ni kazi ya kipande kimoja cha bomba na gundi.

Na ile harufu isiyoisha hata vitundu vyote vikiwa vimezibwa, mara nyingi iko chini ya choo. Likalie choo na ulitikise kidogo. Likicheza, pete inayounganisha choo na bomba la sakafuni imelegea, na hewa inapita pembeni. Choo lazima ling'olewe na kuwekwa upya kwa pete mpya. Kuzungushia saruji nyeupe kwa nje kunaficha harufu kwa muda tu, na maji yakiwa yanavuja chini hutayaona tena mpaka dari ya chini ioze.

Dalili ya pili: kitundu kinagugumia

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kabla ya kugusa chochote, jibu swali moja: nani anakisababisha kilie?

Sinki likigugumia lenyewe, mwishoni mwa maji yake lenyewe, tatizo liko kwenye bomba lake jembamba. Kitundu cha bafu kikilia wakati mtu mwingine anavuta maji ya choo, tatizo ni hewa ya bomba kuu. Vitundu vyote vya chini vikilia pamoja, na maji yakapanda kidogo kabla ya kushuka, kuna kuziba kunakoanza huko nje, na uende moja kwa moja dalili ya nne.

Chukua nyumba moja ya ghorofa huko Muyeye, yenye paa la makuti, bafu na choo juu, na bafu jingine chini. Mama mwenye nyumba alieleza hivi: "Fundi, wakivuta maji juu, bafu la chini linaongea. Na asubuhi ukiingia kunanuka." Bomba lilikuwa limeshazibuliwa na watu wengine, na kila mmoja alisema maji yanapita.

Kweli yalikuwa yanapita. Kitundu cha bafu la chini kilijazwa maji mpaka yakafurika kwenda kwenye bomba, na kijiti kikaonyesha sentimita 5. Choo cha juu kikavutwa mara moja. Kitundu kikagugumia, na kijiti kikaonyesha sentimita 3. Kikavutwa tena, na tena, ikabaki sentimita moja na nusu. Maji yaliyobaki yalikuwa yakicheza kila upepo unapovuma, na hewa ilikuwa inapata nafasi ya kupita. Ndiyo maana asubuhi kulinuka: usiku watu wa juu walitumia choo, na hakuna aliyeoga chini kuijaza trapu tena.

Hatua iliyofuata ilikuwa manholi ya kwanza. Mtu akavuta maji juu, mwingine akitazama chini. Maji yalifika mara moja, kwa kishindo, na mfereji wa manholi ulikuwa safi bila maji yaliyosimama. Hapo kuziba kukawa kumeondolewa kwenye orodha, na kupitisha waya kusingesaidia kitu.

Ilibaki hewa. Juu, bomba kuu lilipita slabu ya bafu na kuishia chini ya makuti, na mdomo wake ulikuwa umebandikwa kifuniko kwa gundi. Ni rahisi kuona kilivyotokea. Aliyejenga hakutaka kutoboa makuti kwa kuogopa yavuje, akaliacha bomba chini ya paa. Chumba cha juu kikanuka, kwa sababu hewa ya septiki ilikuwa inamwagwa humo humo ndani. Mwingine akaitwa kwa ajili ya harufu hiyo, akaliziba. Chumba cha juu kikapona, bafu la chini likaanza kuumwa.

Kuthibitisha ilikuwa kukata kifuniko, kujaza kitundu cha chini, na kuvuta maji tena. Hakikulia. Kijiti kikabaki kwenye sentimita 5. Usiishie hapo, maana bomba lililofunguka chini ya makuti linajaza nyumba gesi. Tiba ya kudumu ilikuwa kulitoa bomba nje kupitia ukutani kwa bendi mbili za nyuzi 45, likiwa na mteremko wa kurudi ndani ili maji ya mvua yasisimame humo, kisha kulipandisha kando ya ukingo wa paa hadi juu ya makuti. Ukubwa ulibaki inchi 4 hadi mwisho. Mdomoni ikawekwa kofia ya plastiki yenye vitundu. Wavu wa chuma wa kawaida hauvumilii chumvi ya bahari, hushika kutu na kuanguka ndani ya bomba, na bomba la wazi huvutia ndege kuweka viota.

Kiota ndiyo sababu ya pili ya kuangalia pale ambapo venti ipo na inapita paa. Ukiwa chini huwezi kuona. Mimina ndoo ya maji kwenye mdomo wa venti: yakishuka kwa uhuru, venti iko wazi, yakisimama au kurudi, kuna kitu ndani. Usipande paa la makuti au la mabati yaliyolowa mwenyewe. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye ngazi ya kutosha na mwenzake chini.

Sasa lile sinki linalogugumia lenyewe. Hapa sababu ya kwanza ni bomba refu mno, au linaloteremka mno, kati ya trapu na mahali panapopata hewa. Watu hudhani mteremko mkali ni mzuri siku zote. Kwa kipande hiki ni kinyume. Kikishuka kwa zaidi ya upana wa bomba lenyewe kabla ya kukutana na bomba lenye hewa, maji hujaza bomba zima, hugeuka kuwa mnyonyo, na mwishoni huyavuta maji ya trapu pamoja nayo. Bomba la inchi 1½ lina upana wa karibu milimita 38. Kwa mteremko wa sentimita 2 kila mita, linafika milimita 38 baada ya mita 1.9. Basi hapo ndipo mwisho wake. Sinki likiwa mita 4 kutoka bomba kuu, liongezewe bomba la hewa lake. Hata bomba likibadilishwa liwe la inchi 2, kwa mteremko huo huo linafika mita 2.5 tu, na bado litahitaji hewa. Angalia pia kama trapu inashuka moja kwa moja sakafuni badala ya kutoka kwa ubavu ukutani. Ile ya kushuka sakafuni hujinyonya yenyewe hata ikiwa imefungwa vizuri.

Dalili ya tatu: maji yanashuka polepole, na bomba linaziba kila baada ya wiki chache

Kwanza fungua trapu, weka ndoo chini yake. Jikoni utakuta machicha ya nazi, mafuta yaliyoganda na majani ya chai. Bafuni utakuta nywele na mchanga. Mchanga wa pwani huingia na miguu, na ukishafika ndani ya bomba lisilo na mteremko haubebwi tena na maji. Hutulia chini, nywele hushika juu yake, sabuni hushika juu ya nywele. Ukisafisha trapu na maji yakaanza kushuka vizuri kwa miezi, huna tatizo la ujenzi. Weka chujio na umwambie kila mtu asuuze miguu nje.

Kama umesafisha trapu na bado ni polepole, au kuziba kunarudi mahali pale pale kila mara, pima mteremko. Unahitaji pima maji ya urefu wa mita moja na kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 2. Gundisha mbao chini ya ncha moja ya pima maji, kisha iweke juu ya bomba, ncha yenye mbao ikiwa upande maji yanakoelekea. Kiputo kikikaa katikati, bomba linashuka sentimita 2 kila mita. Kikisogea kuelekea ncha isiyo na mbao, mteremko ni mkali zaidi ya hapo. Kikisogea kuelekea ncha yenye mbao, mteremko ni mdogo, na kiputo kikitulia katikati ukiiondoa mbao, bomba limelala.

Sentimita 2 kila mita ndicho kipimo cha kushikilia kwa mabomba ya inchi 1½ na 2. Bomba la inchi 4 la choo linaweza kuvumilia hadi sentimita 1.25 kila mita likiwa limelazwa vizuri, lakini kwa nyumba yenye watu wachache, ambapo maji hayapiti mara kwa mara, ni afadhali 2 hadi 2.5.

Bomba likiwa chini ya ardhi, pima kwa mpira wa maji unaoonekana ndani. Tuseme jikoni liko mita 12 kutoka manholi, bomba ni la inchi 2, na linaziba kila mwezi. Ncha moja ya mpira iko pale bomba linapotoka ukutani, nyingine kwenye manholi. Unakuta sehemu ya chini ya bomba manholini iko sentimita 10 tu chini kuliko ukutani. Kumi kugawanya kwa 12 ni chini ya sentimita moja kila mita. Inayohitajika ni 2 mara 12, yaani sentimita 24. Zinapungua 14. Kabla ya kufikiria kuvunja jikoni, tazama ndani ya manholi: bomba linaingia kwa urefu gani juu ya mfereji wa chini? Ikiwa ni sentimita 20, basi nafasi ipo. Tundu la kuingilia linashushwa sentimita 14, bomba lote linalazwa upya kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka ukutani, na bado linaingia sentimita 6 juu ya mfereji. Ikiwa linaingia sentimita 5 tu juu ya mfereji, nafasi haipo, na kuna njia mbili: kupandisha mahali bomba linapotokea ukutani, au kuchimba manholi mpya karibu zaidi. Usikubali fundi akupe mteremko mzuri mita 3 za mwisho na kuacha mita 9 zimelala. Uchafu utatulia kwenye zile 9.

Kuna hali nyingine ambayo vipimo vya ncha mbili havionyeshi: bomba lililolegea katikati. Ncha ni sawa kabisa, lakini udongo umedidimia na bomba limeshuka tumbo, hasa lilipolazwa juu ya kifusi au juu ya mawe ya matumbawe bila mchanga. Kati ya manholi mbili, weka tochi moja ikiangaza ndani ya bomba na kioo kidogo kwenye nyingine. Ukiona duara kamili la mwanga, bomba limenyooka. Ukiona nusu duara, au mwanga unaoakisiwa na maji, kuna tumbo. Hilo halina dawa ya kumimina. Linachimbwa, linawekewa mchanga uliogandamizwa vizuri, na kulazwa upya.

Kuhusu dawa za kuzibua: usichanganye magadi makali na tindikali, wala tindikali na dawa ya klorini ya kusafishia choo. Ya kwanza huchemka na kurusha maji yanayounguza macho, ya pili hutoa gesi ya klorini. Ukiwa umeshamimina dawa na haikufanya kazi, mwambie fundi kabla hajafungua trapu, kwa sababu dawa hiyo bado imekaa ndani ikimsubiri. Na kiasi kikubwa cha tindikali kikifika septiki huua wadudu wanaoozesha uchafu.

Dalili ya nne: maji machafu yanarudi juu kwenye bafu au choo cha chini

Funga bomba la maji safi au uwaambie wote juu wasitumie maji. Kila ndoo inayomwagwa ghorofani itatokea kwenye bafu la chini.

Fungua manholi iliyo karibu na nyumba. Ikiwa kavu, kuziba kuko kati ya nyumba na hapo, na fimbo za kuzibulia zikiingizwa kutoka manholini kurudi nyumbani hukutana nacho kwa urahisi kuliko kutoka chooni. Ikiwa imejaa, nenda manholi inayofuata. Kuziba kuko kati ya manholi ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo kavu. Mara nyingi ni mizizi ya mwarobaini au taulo za hedhi na nepi zilizonasa kwenye kona. Zote zikiwa zimejaa hadi septiki, bomba halina kosa. Septiki imejaa, na inahitaji gari la kunyonya.

Hapa ndipo usimame. Usiingie ndani ya septiki wala shimo la kunyonya, hata kwa dakika moja, hata likionekana tupu. Usiinamishe kichwa kwenye mdomo wake na usiwashe kiberiti au sigara karibu. Gesi iliyomo hunuka mayai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huua hisi ya harufu, na mtu hudhani imeisha. Mtu akianguka ndani, anayemrukia kumwokoa naye huanguka. Itisha msaada, peleka hewa, usishuke. Mfuniko ukiondolewa, mtu mmoja akae hapo kuzuia watoto mpaka urudishwe.

Ikiwa manholi zote zinapita vizuri, lakini choo cha chini kinarusha maji au kutoa mapovu kila choo cha juu kinapovutwa, hiyo ni shinikizo la hewa chini ya bomba kuu. Maji yanayoanguka yanasukuma hewa mbele yake, hukutana na kona kali ya nyuzi 90 mahali bomba linapogeuka kwenda nje, na hewa hutafuta njia kupitia choo kilichounganishwa karibu na kona hiyo. Choo cha chini kipewe bomba lake hadi manholi, au kiunganishwe angalau sentimita 45 juu ya kona, na kona yenyewe ibadilishwe kuwa bendi mbili za nyuzi 45. Hii ni kuvunja sakafu na msingi. Mwachie fundi anayeijua kazi, na umwombe akuonyeshe kwa kuchora kabla hajagonga nyundo.

Septiki ikiwa imenyonywa na kujaa tena baada ya siku chache, na hakuna bomba la maji safi linalovuja ndani ya nyumba, shimo la kunyonya limeshindwa. Wakati wa masika, Aprili hadi Juni, linaweza kuwa ni maji ya ardhini yaliyopanda na kulijaza kutoka nje, na hali hupungua mvua zikiisha. Likifanya hivyo hata wakati wa kiangazi, kuta zake zimeziba na linahitaji shimo jipya. Mahali pa shimo jipya pasichaguliwe na fundi peke yake, hasa ikiwa nyumba yako au ya jirani inatumia kisima. Jiwe la matumbawe lina nyufa, na maji ya shimo husafiri ndani yake upesi kuliko katika udongo wa kawaida. Mwite afisa wa afya ya umma aje aone kisima kilipo kabla ya kuchimba, na mpaka hapo, maji ya kisima hicho yachemshwe.